Risasi na kadimiamu katika vito vya watoto: namna ya kukagua ulivyonavyo na kuchagua vilivyo salama

Ukifungua kijisanduku cha vito vya mtoto, macho huvutwa na shanga za rangi na vimeremeta. Kinachostahili kuangaliwa kwanza ni kidani, kile kipande kizito kinachoning'inia kwenye mkufu au bangili: moyo, nyota, kipepeo, herufi ya kwanza ya jina. Hicho ndicho humiminwa kwa aloi ya bei ya chini, ndicho hukaa vizuri mdomoni mwa mtoto, na kikikatika ndicho humezwa. Mwongozo huu unakishughulikia hicho zaidi ya kitu kingine chochote.

Kwa nini risasi na kadimiamu zimo humo

Vidani vya namna hii hutengenezwa kwa kuyeyusha metali na kuimimina kwenye kalibu ya mpira inayozungushwa kwa kasi. Mtengenezaji anataka metali inayoyeyuka kwa moto mdogo, inayoingia katika kila kona ya kalibu, na isiyomgharimu sana. Zinki huyeyuka kwenye nyuzi 420 hivi za Selsiasi, risasi 327, kadimiamu 321 na bati 232. Bati ingefaa sana, lakini ni ghali. Risasi ni rahisi, hutiririka vizuri, na juu ya hayo hukifanya kidani kiwe kizito mkononi, jambo ambalo mnunuzi huliona kuwa dalili ya ubora.

Marekani ilipobana matumizi ya risasi katika bidhaa za watoto kwa sheria ya mwaka 2008, baadhi ya watengenezaji walihamia kwenye kadimiamu. Januari 2010 shirika la habari la Associated Press lilichapisha matokeo ya maabara ya vito vya watoto vilivyokuwa madukani, na kipande kimoja kilikuwa na kadimiamu asilimia 91 ya uzito wake. Sumu moja ilikuwa imepishwa na nyingine. Ndiyo maana maandishi ya kwamba bidhaa haina risasi hayakuambii lolote kuhusu kadimiamu.

Baada ya kumiminwa, kidani huchovywa ili kipate ngozi nyembamba ya rangi ya dhahabu au fedha. Ngozi hiyo ndiyo unayoiona, na ndiyo inayovidanganya vipimo vingi vya nyumbani. Ikichubuka kwa kutafunwa au kusuguana na funguo, sumu iliyo chini hutoka kwa wingi zaidi kuliko ilipokuwa nzima.

Sumu inaingiaje mwilini

Ngozi nzima ya mtu hupitisha risasi kidogo mno. Binti wa miaka 11 aliyevaa mkufu wa namna hii kwa saa chache za sherehe hayuko katika hatari sawa na mdogo wake wa miaka 2 anayeunyonya mkufu huohuo akiwa amepakatwa. Njia kuu ni mdomo: kunyonya, kutafuna, kushika kidani kisha kula bila kunawa, na mbaya kuliko zote, kumeza. Tumbo lina asidi, na asidi huyeyusha risasi na kadimiamu kwa saa na siku zote ambazo kidani kinakaa humo.

Mtoto mdogo hunyonya karibu nusu ya risasi iliyoingia tumboni, ilhali mtu mzima hunyonya takriban sehemu moja kwa kumi. Akiwa na njaa, au akiwa na upungufu wa madini ya chuma au kalsiamu, hunyonya zaidi. Risasi huharibu ubongo unaokua, nayo hujificha kwenye mifupa kwa miaka mingi. Kadimiamu hukimbilia kwenye figo, na nusu ya iliyofika huko huweza kubaki kwa miaka 10 hadi 30. Dozi ndogo ndogo hazioneshi dalili ya kumfanya mzazi ashtuke. Hakuna upele wala homa, na pengine hata tumbo haliumi. Usisubiri dalili ndipo uanze kukagua.

Hatua ya kwanza: kusanya na utenganishe

Tandaza gazeti au kitambaa cha zamani mezani, watoto wakiwa mbali, kisha mwaga vito vyote. Usisahau vilivyoko kwenye mikoba ya kuchezea, vibanio vya nywele, zipu za mabegi na vishikio vya funguo. Vidani ni vilevile. Pekua na vito vyako wewe mwenyewe ambavyo mtoto huviazima au huvichezea ukiwa umembeba. Sheria za vito vya watoto hazihusu vito vya watu wazima, na mtoto anayenyonya mkufu wa mama hajui tofauti hiyo.

Weka upande mmoja kila kitu ambacho chuma chake kinaweza kuingia mdomoni mwa mtoto. Katika fungu hilo, viondoe mara moja bila kupima chochote vitu hivi: kilichochubuka hadi rangi ya kijivu ikaonekana chini, kilicho laini kiasi cha kukunjika kwa vidole ingawa ni kinene, na kinachoacha mstari wa kijivu kikipita juu ya karatasi nyeupe. Risasi ni laini na huandika kama penseli. Usikikwaruze kidani kwa kisu ili kuona ndani, kwani utamwaga vumbi la sumu hapohapo mezani. Kama kidani hakijachubuka, hatua inayofuata itakufaa zaidi.

Hatua ya pili: pima uzito wake ndani ya maji

Hiki ndicho kipimo cha nyumbani ninachokiamini kuliko vingine kwa kutambua risasi nyingi, kwa sababu ngozi ya dhahabu haiwezi kukidanganya. Kila metali ina uzito wake kwa ujazo uleule. Sentimita moja ya ujazo ya zinki ina gramu 7.1, bati 7.3, shaba ya njano 8.5 hivi, kadimiamu 8.65, shaba nyekundu 8.96, fedha 10.5, na risasi 11.3. Unachohitaji ni mizani ndogo ya kidijitali inayosoma hadi sehemu ya kumi ya gramu, na ikisoma sehemu ya mia ni bora zaidi.

Kitoe kidani kwenye mkufu wake, maana mkufu ni metali nyingine. Kipime kikavu na uandike gramu zake. Kisha weka juu ya mizani glasi yenye maji nusu, bonyeza kitufe cha kurudisha sifuri, ukifunge kidani kwa uzi mwembamba na ukitumbukize majini hadi kizame chote, ukiwa umeshika uzi kwa mkono. Kisiguse chini wala ubavu wa glasi. Tikisa kidogo ili viputo vya hewa vitoke. Namba ambayo mizani itaonesha sasa ni gramu za maji yaliyosukumwa, na kwa kuwa gramu moja ya maji ni sentimita moja ya ujazo, hiyo ndiyo ukubwa wa kidani. Gawanya uzito mkavu kwa namba hiyo.

Chukua mfano wa vidani vitatu. Cha kwanza ni mwezi mwandamo wa rangi ya fedha: kikavu kina gramu 14.2, majini mizani inasoma 1.3. Ukigawanya unapata 10.9. Kwa mizani ya sehemu ya kumi, ile 1.3 inaweza kuwa kitu chochote kati ya 1.25 na 1.35, kwa hiyo jibu la kweli liko kati ya 10.5 na 11.4. Hakuna aloi ya zinki, bati wala shaba inayofika huko. Kinachobaki ni risasi au fedha halisi, na kidani cha kupewa bure na peremende si fedha halisi. Kinatoka nyumbani leo.

Cha pili ni kipepeo chenye gramu 9.3, na majini mizani inasoma 1.3 vilevile. Jibu ni 7.2, yaani karibu na zinki au bati. Hapa watu wengi hupumua na kumrudishia mtoto, nami naomba usifanye hivyo upesi. Jibu hili linasema tu kwamba kipepeo hakikutengenezwa kwa risasi tupu. Kikomo cha Marekani kwa bidhaa za watoto ni sehemu 100 za risasi kwa milioni, ambayo katika kidani cha gramu 10 ni miligramu moja tu. Mizani ya jikoni haiwezi kuiona miligramu moja, wala hata risasi ya asilimia 5.

Cha tatu ni herufi ya rangi ya dhahabu, gramu 10.4, majini 1.2. Jibu ni karibu 8.7. Inaweza kuwa shaba ya njano au shaba nyekundu, ambazo si tatizo kubwa. Inaweza kuwa kadimiamu. Inaweza kuwa mchanganyiko wa risasi na bati. Kipimo hakiwezi kuzitenganisha, na kwa mtoto mdogo jibu lisilotenganisha sumu na isiyo sumu nalihesabu kuwa jibu baya. Kiondoe.

Kipimo hiki hukosea pia kidani kikiwa na uwazi ndani, au kikiwa kimebandikwa kioo, plastiki au rangi nene, kwa sababu vitu hivyo vyepesi huishusha namba. Kidani chenye jiwe kubwa la plastiki kinaweza kutoa 7 huku fremu yake ikiwa ya risasi.

Vipimo vya kubadilisha rangi na vya maabara

Vijiti vya kupangusia ambavyo hugeuka rangi ya waridi au nyekundu vikikutana na risasi vina kazi yake, hasa pale palipochubuka. Kikigeuka rangi, amini na uondoe. Kisipogeuka, huna ulichojifunza: pengine kimegusa ngozi ya juu tu, pengine kiasi ni kidogo kuliko uwezo wake. Tena havitambui kadimiamu. Sumaku nayo haisaidii sana. Risasi na kadimiamu hazivutwi, lakini zinki, shaba na fedha hazivutwi pia, na ngozi ya nikeli juu ya risasi inaweza kuvutwa kidogo.

Kinachotambua zote mbili kwa dakika chache bila kuharibu kitu ni mashine ya mkononi ya eksirei inayosoma metali zilizomo. Maabara za upimaji, baadhi ya ofisi za afya ya mazingira na wanunuzi wakubwa wa vyuma chakavu huwa nayo. Mwombe mpimaji asome sehemu iliyochubuka au ya nyuma, kisha na kishikizo cha mkufu, kwani mara nyingi kishikizo na lehemu ya kwenye viungo hutoka kwa mtengenezaji mwingine kabisa. Kipimo cha uhakika zaidi ni cha kukiyeyusha kipande katika asidi maabara. Kwa kidani cha bei ndogo gharama hiyo haina maana. Kinawafaa wauzaji na wanaotengeneza vito vya watoto kwa ajili ya kuuza.

Kuviondoa bila kumhamishia mwingine

Usimgawie mtoto wa jirani, usivipeleke kwenye mitumba, na usivitupe pale watoto wanapochakura. Usivichome wala usijaribu kuviyeyusha: mvuke wa kadimiamu huharibu mapafu na umewahi kuua mafundi wanaolehemu. Vifunge kwenye mfuko, uandike nje kwamba ndani mna risasi, uvipeleke panapopokelewa betri chakavu na taka za kielektroniki. Lile gazeti la mezani likunje na ulitupe, sanduku lioshe kwa maji na sabuni, kisha nawa mikono. Usifagie vumbi kavu. Pangusa kwa kitambaa chenye maji.

Mtoto akimeza kidani

Februari 2006, mjini Minneapolis, mtoto wa kiume wa miaka 4 alipelekwa hospitali kwa sababu ya kutapika. Ilidhaniwa ni maambukizi ya kawaida ya tumbo, akarudishwa nyumbani. Baada ya siku 2 alirudi akiwa hajaacha kutapika, amelegea, na hali yake ikazidi kudorora. Picha ya tumbo ilionesha kitu cha chuma chenye umbo la moyo. Kilikuwa kidani cha bangili iliyokuwa ikitolewa kama zawadi pamoja na viatu vya watoto. Viatu hivyo vilikuwa vya mtoto mwingine, ambaye mvulana huyo aliwahi kumtembelea nyumbani kwake. Risasi katika damu yake ilifika mikrogramu 180 kwa desilita. Leo Marekani huanza kufuatilia mtoto akiwa na 3.5. Ubongo wake ulivimba, akafariki. Kidani kilikuwa risasi asilimia 99.1, na bangili kama 300,000 zikaondolewa sokoni.

Kutapika, kuumwa tumbo na kulegea ni dalili za magonjwa mia ya utotoni, na mganga hawezi kuwazia kidani kama hukumwambia. Kwa hiyo ukijua au hata ukishuku kwamba mtoto amemeza kito, usingoje kitoke chenyewe kama ambavyo watu hungoja sarafu. Usimtapishe na usimpe maziwa au mafuta ya kusafisha tumbo. Mpeleke hospitali siku hiyohiyo, ubebe mkufu uliobaki au kidani pacha, na useme wazi: "Amemeza kito cha chuma, kinaweza kuwa na risasi au kadimiamu." Omba mambo mawili: picha ya eksirei ya kuanzia shingoni hadi tumboni, na kipimo cha risasi katika damu. Kidani kikiwa bado tumboni, madaktari wanaweza kukitoa kwa kamera inayopitishwa mdomoni. Kama kimeshapita kwenda kwenye utumbo, picha hurudiwa hadi kithibitike kimetoka. Kipimo cha damu nacho hurudiwa, kwa maana saa za mwanzo risasi huwa haijapanda.

Kama kito kilikuwa na taa ya kumetameta, kuna betri ndogo ya duara ndani, na hiyo ni dharura ya aina nyingine: ikikwama kooni huanza kuunguza nyama ndani ya saa 2. Kimbia, usitembee.

Kwa mtoto aliyekuwa akinyonya tu bila kumeza, huna haja ya kukimbia usiku, ila mpeleke apimwe damu katika siku chache zijazo. Tone la kidole linatosha kwa kuanzia, lakini mikono ioshwe vizuri kwanza, vinginevyo vumbi la kidoleni litapandisha jibu. Jibu likiwa juu lithibitishwe kwa damu ya mshipani. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2021 unataka chanzo kitafutwe na kuondolewa kuanzia mikrogramu 5 kwa desilita, na dawa za kuivuta risasi mwilini kwa watoto huanzia 45. Chini ya hapo tiba ni kuondoa chanzo na kumlisha vyakula vyenye madini ya chuma na kalsiamu. Kwa kadimiamu, damu huonesha iliyoingia karibuni, na mkojo huonesha iliyolimbikizana.

Cha kununua badala yake

Kwa mtoto chini ya miaka 3 jibu langu ni fupi: asivae mkufu wala bangili yenye vipande vidogo, hata vya dhahabu, kwa sababu ya kukabwa na kupaliwa. Mikufu ya kaharabu inayouzwa kwa ajili ya watoto wanaoota meno ninaihesabu humohumo.

Kwa wakubwa zaidi, chagua kwa jina la kitu kilichotumika. Bidhaa isiyotaja metali yake, au iliyoandikwa tu kwamba ni ya chuma au ya aloi, iache. Kwa hereni, hasa tundu likiwa jipya, titaniamu na chuma kisichoshika kutu cha daraja la upasuaji ni chaguo zuri. Dhahabu na fedha yenye muhuri wa 925 pia, mradi muuzaji anaaminika, maana muhuri hugongwa hata juu ya vitu vya kuchovya. Kwa bangili na mikufu ya kuchezea, shanga za mbao zisizopakwa rangi juu ya uzi wa pamba, nguo iliyoshonwa, au silikoni ya daraja la chakula hufanya kazi ileile bila metali hata kidogo. Shanga za kioo ambazo rangi yake imo ndani ya kioo chenyewe ni afadhali kuliko zilizopakwa juu, zinazoacha rangi ukizisugua kwa kitambaa chenye maji. Epuka plastiki laini ya PVC na kioo cha kristali, ambacho cha jadi kina oksidi ya risasi kama asilimia 24. Na kwa kuwa watu hukimbilia mbegu wakidhani cha asili hakina madhara: mbegu nyekundu zenye doa jeusi za mtipitipi zina sumu kali ya kuua, zisitungwe kwa mtoto.

Ukinunua kwa wingi au kwa ajili ya kuuza, mwombe muuzaji ripoti ya maabara kisha uisome mwenyewe. Iwe na picha ya kito hichohicho, tarehe na namba ya toleo. Ioneshe jumla ya risasi na jumla ya kadimiamu, kila moja kwa mg/kg, ambayo ni sawa na sehemu kwa milioni, na kila sehemu ya kito ipimwe peke yake: kidani, mkufu, kishikizo, shanga. Umoja wa Ulaya unaruhusu risasi hadi 500 na kadimiamu hadi 100 katika vito; Marekani, kwa bidhaa za watoto wa miaka 12 na chini, risasi 100. Mimi nashika namba ndogo ya kila upande, yaani 100 kwa zote mbili. Ripoti inayotaja rangi ya juu peke yake, au inayopima nikeli tu, haijajibu swali; mrudishie na umwombe ile ya metali ya ndani.